Kilo Zangu Zilikwenda Wapi? Kumfupishia Ripoti ya Mwaka Mwanachama Ambaye Hakufika Mkutanoni

Ndugu makatibu wa vyama vya ushirika wa mazao, wajumbe wa bodi, wajumbe wa kamati za usimamizi, na ninyi mameneja ambao mkutano mkuu ukishafungwa ndipo kazi yenu ya kalamu inapoanza, habari zenu.

Mwanachama ambaye hakufika mkutanoni ana vitu viwili mkononi: stakabadhi za mzani alizopewa siku alipoleta mazao, na kiasi cha fedha kilichomfikia. Katikati ya vitu hivyo viwili kuna shimo. Muhtasari mnaomwandikia ni daraja la kuvukia shimo hilo, avuke mwenyewe kwa kalamu yake bila kumwomba mtu amshike mkono. Akikwama katikati atalijaza shimo kwa anachokijua, na anachokijua mara nyingi ni uvumi.

Tuondoe kwanza utata wa neno. Tukisema muhtasari, wengi wetu akili inakwenda kwenye kumbukumbu za kikao: nani alifungua, nani aliomba udhuru, hoja ya ngapi ilijadiliwa saa ngapi. Hizo zina jalada lake na hazimsaidii mkulima kujua kwa nini kilo yake ililipwa hivyo. Ninachozungumzia hapa ni karatasi moja, pande mbili, inayojibu maswali matatu: nimelipwa bei gani na kwa nini, gawio langu ni kiasi gani na limetoka wapi, na sasa nani anaongoza na nani anasaini.

Karatasi hiyo iandikwe baada ya mkutano, kutoka kwenye hesabu zilizokaguliwa na kupitishwa. Isinakiliwe kutoka kwenye rasimu iliyosambazwa kabla ya mkutano. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo kosa linalozaa ugomvi kuliko mengine. Bodi inapendekeza malipo ya pili ya shilingi 75 kwa kilo, wanachama wanajadili, wanaamua fedha kidogo ziende kwenye elimu, wanapitisha 70. Katibu mwenye haraka anafungua rasimu na kunakili 75. Wiki moja baadaye kuna namba mbili mtaani, na aliyelipwa 70 anaamini kuna mtu amekula 5.

Sasa nichukue chama cha kufundishia. Hakipo popote, na namba zake nimezichagua ili hesabu ziende vizuri, lakini njia ni ileile kwa chama chochote cha mazao. Kina wanachama 400, zao lake ni mahindi. Msimu huo kilipokea kilo 200,000 na kikauza kilo 194,000.

Hapo hapo kuna swali la kwanza la mwanachama, na kwa uzoefu wa kazi hii ndilo zito kuliko yote: kilo 6,000 zimekwenda wapi? Ripoti nyingi huandika "upungufu wa kawaida" na kupita. Maneno hayo hayamwelezi mtu chochote. Upungufu una sababu, na sababu hizo zinapimika.

Sehemu kubwa ni maji. Mahindi yalipokewa yakiwa na unyevu wa wastani wa asilimia 15, yakakaushwa hadi asilimia 13 ili yakae ghalani bila kuota ukungu. Watu wengi hutoa 13 kwenye 15 na kusema basi zimepungua kilo mbili katika kila mia. Si sahihi. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 15 zina kilo 85 za punje kavu na kilo 15 za maji. Ukikausha, zile kilo 85 haziguswi. Kinachoondoka ni maji peke yake. Mwisho wa kukausha, kilo 85 ndizo asilimia 87 ya mzigo uliobaki. Gawanya 85 kwa 0.87 unapata kilo 97.7. Kwa hiyo kila kilo mia zimepoteza kilo 2.3, si 2. Kwenye kilo 200,000 hiyo ni takriban kilo 4,600.

Angalieni tofauti inayotokea katibu akitumia ile hesabu ya haraka. Ataandika kwamba kukausha kumekula kilo 4,000, na kilo kama 600 zitabaki hewani bila maelezo. Chama hakikuiba kitu, lakini karatasi yake yenyewe inaonyesha kilo 600 hazijulikani zilipo. Mtu mwenye kikokotoo atazigundua jioni hiyo hiyo.

Zile kilo 1,400 zilizobaki ni takataka, vumbi, punje zilizovunjika na zilizooza zilizotolewa wakati wa kupepeta na kuchagua. Hizo ni pungufu kidogo ya kilo moja katika kila mia, na ziwe na daftari lake la kusafishia, lenye tarehe na uzito wa kilichotupwa au kuuzwa kama chakula cha mifugo. Kama ziliuzwa, hata kwa fedha ndogo, mapato yake yaonekane kwenye hesabu.

Je, upungufu ukizidi hapo? Kabla ya kumshuku mlinzi wa ghala, mtu angalie mizani. Mizani ya kupokelea inayozidisha kilo moja kwenye kila gunia la kilo mia itaandika kilo 2,000 ambazo hazikuwahi kuwapo, na chama kitakuwa kimezilipia. Ikipunguza, mkulima ndiye anayeumia, na ghala litaonekana lina ziada ya ajabu. Ndiyo maana ziada ya kilo ghalani isipokewe kwa vigelegele: nayo ni dalili kwamba mzani ulikosea, ila umekosea kwa kumuumiza mkulima. Jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana likiwekwa kila asubuhi ya siku ya kupokea, na namba ikaandikwa daftarini, ubishi huu huisha kabla haujaanza. Kipima unyevu nacho kinahitaji kulinganishwa na kingine. Kikisoma 15 wakati punje zina 17, upungufu wa kukausha utakuwa mara mbili ya mliotarajia, na hakuna mwizi atakayepatikana.

Kuna jambo jingine dogo hapa. Baadhi ya vyama hukata kilo za unyevu papo hapo mzani unapopima: mkulima analeta kilo 100, anaandikiwa 97. Kama chama chenu hufanya hivyo, muhtasari usimwonyeshe tena upungufu wa kukausha, maana mkulima ameshaubeba. Kukata mara mbili hutokea zaidi pale karani wa mapokezi na mhasibu wasipokaa meza moja.

Tuje kwenye bei. Chama cha mfano kiliuza mara mbili: kilo 120,000 kwa shilingi 850, na baadaye kilo 74,000 kwa shilingi 1,000. Bei ya wastani ni ngapi? Jibu la haraka ni 925, kwa kujumlisha 850 na 1,000 kisha kugawa kwa mbili. Jibu hilo ni kosa, kwa sababu kilo zilizouzwa kwa bei ya chini ni nyingi zaidi. Mauzo ya kwanza yaliingiza 102,000,000, ya pili 74,000,000, jumla 176,000,000. Gawanya kwa kilo 194,000 zilizouzwa, unapata kama shilingi 907.

Lakini hata 907 sitaki muipe nafasi kubwa kwenye karatasi ya mwanachama. Yeye hana stakabadhi ya kilo zilizouzwa. Ana stakabadhi ya kilo alizoleta. Gawanyeni 176,000,000 kwa kilo 200,000 zilizopokewa, mpate shilingi 880. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia: kila kilo uliyoleta mzani ukiwa unaona, chama kimeipatia shilingi 880 sokoni. Kuanzia hapo kila gharama igawanywe kwa kilo zilezile 200,000, ili namba zote zizungumze lugha moja. Muhtasari unaochanganya, mauzo yakiwa kwa kilo iliyouzwa na gharama zikiwa kwa kilo iliyopokewa, hauwezi kujumlishwa hata na aliyeuandika.

Hesabu ya kilo moja basi inakwenda hivi. Kati ya shilingi 880, shilingi 600 mwanachama alishazipokea kama malipo ya awali siku alipoleta mzigo au wiki iliyofuata. Zinabaki 280. Usafiri ulichukua 40. Ukaushaji na usafishaji 30. Magunia 20. Riba ya mkopo ambao chama kilikopa ili kiweze kutoa hayo malipo ya awali, 25. Uendeshaji wote, yaani mishahara, pango la ghala, ulinzi, ada ya mkaguzi na posho za vikao, 45. Jumla ya gharama ni 160, na zinabaki shilingi 120 kwa kilo. Ukizidisha kwa kilo 200,000 unapata 24,000,000, nayo ndiyo ziada ya mwaka iliyopelekwa mkutanoni.

Mstari wa riba usifichwe ndani ya uendeshaji. Mwanachama anayelalamika kwamba mnunuzi binafsi hulipa zaidi siku ileile ana haki ya kuona kwamba malipo ya awali yana gharama yake, na kwamba ukisubiri bei ipande huku mkopo unahesabu siku, unachopata kwa mkono mmoja unakitoa kidogo kwa mwingine. Kwenye mfano wetu kusubiri kulilipa: kilo 74,000 zilipata shilingi 150 zaidi kila moja, yaani 11,100,000, na riba ya msimu mzima ilikuwa 5,000,000. Kuna misimu hesabu hiyo hugeuka. Ikigeuka, iandikwe hivyohivyo ilivyo.

Posho za vikao nazo zitengwe kwa mstari wake endapo zimezidi bajeti iliyopitishwa mwaka uliopita. Sisemi ziorodheshwe kikao kwa kikao. Namba mbili zinatosha, iliyopangwa na iliyotumika.

Kama chama hulipa kwa madaraja, kila daraja lipate hesabu yake, kwa sababu wastani wa madaraja yote hautalingana na stakabadhi ya mtu yeyote.

Sasa ziada na gawio. Hapa ndipo maneno yanapogongana, na kuyatenganisha ni nusu ya kazi. Mwanachama wa chama cha mazao anaweza kupata fedha mwisho wa mwaka kwa njia mbili. Moja ni kwa kilo alizoleta: haya ni malipo ya pili, wengine huita bonasi. Nyingine ni kwa hisa anazomiliki: hili ndilo gawio la hisa. Mtaani vyote viwili huitwa gawio, kisha mwenye hisa nyingi na kilo chache anamshangaa jirani mwenye hisa chache aliyelipwa mara tano yake.

Utaratibu huo ni wa zamani. Wanaushirika 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844, waliweka riba yenye kikomo kwa mtaji wa mwanachama, na faida iliyobaki wakaigawa kwa kadiri kila mmoja alivyonunua dukani. Tamko la ushirika lililopitishwa Manchester mwaka 1995 linashika njia hiyohiyo: mtaji ukilipwa chochote, hulipwa kwa kikomo, na wanachama hunufaika kwa kadiri wanavyofanya biashara na chama chao. Sisi tunaokusanya mazao tumegeuza tu upande: badala ya kununua dukani, mtu analeta kilo kwenye mzani. Sentensi mbili za aina hii kwenye muhtasari zinatosha kumweleza mwanachama kwa nini hisa haizai kama kilo.

Kwenye chama chetu cha mfano, ziada ya 24,000,000 iligawanywa kwa mpangilio uliowekwa na masharti ya chama. Kwanza robo yake, 6,000,000, iliingia kwenye mfuko wa akiba. Kiwango hicho hutofautiana. Kila nchi ina sheria yake ya ushirika na kila chama kina masharti yake, kwa hiyo taja kiwango chenu pamoja na namba ya kifungu. Muhimu ni kwamba akiba hutangulia. Mkutano hauna uhuru wa kuipunguza chini ya kiwango cha sheria hata wanachama wote wakinyoosha mikono, na mwanachama aliyekosa mkutano asidhani bodi ndiyo iliyoamua kumnyima.

Kisha gawio la hisa. Mtaji wa hisa ni 30,000,000, yaani hisa 6,000 za shilingi 5,000 kila moja. Mkutano ulipitisha asilimia 8. Hiyo ni shilingi 400 kwa hisa, jumla 2,400,000. Andikeni "shilingi 400 kwa kila hisa" kabla ya kuandika asilimia. Asilimia 8 peke yake huleta balaa: mmoja ataitafuta kwenye ziada, mwingine kwenye mauzo yake, na kila mmoja atapata jibu lake. Ikibidi kutaja asilimia, itajwe na kitu chake: asilimia 8 ya thamani ya hisa zilizolipwa kikamilifu. Neno "zilizolipwa" lina uzito, kwa sababu yupo aliyeandikisha hisa 10 na kulipia 6. Gawio lake ni la hisa 6. Na aliyenunua hisa katikati ya mwaka, masharti ya vyama vingi humhesabia miezi aliyokaa nazo tu. Kama yenu yanasema hivyo, toeni mstari mmoja wa kulieleza.

Baada ya hapo yakaja malipo ya pili, shilingi 70 kwa kilo iliyopokewa, jumla 14,000,000. Zilizobaki, 1,600,000, zilikwenda kwenye mfuko wa elimu ya wanachama. Jumlisheni mafungu yote manne na mtarudi kwenye 24,000,000 kamili. Jumla hiyo iwe imechapwa kwenye karatasi. Msomaji akiona mafungu yanafunga, anatulia. Yasipofunga hata kwa shilingi elfu kumi, ataacha kusoma mengine yote.

Bei kamili ya msimu basi ni 600 jumlisha 70, yaani shilingi 670 kwa kilo. Hii ndiyo namba ya kulinganisha na mwaka uliopita na bei ya wanunuzi wengine. Gawio la hisa lisichanganywe humo ili bei ionekane nono. Lile ni pato la mtaji, na mwenye hisa 2 na mwenye hisa 50 hawapati sawa.

Kuna swali ambalo ripoti yenyewe mara nyingi hulikwepa, lakini muhtasari hauna pa kujificha: fedha zipo? Ziada ni namba ya vitabuni. Tuseme siku ya kufunga hesabu mnunuzi wa awamu ya pili alikuwa bado anadaiwa 15,000,000. Mauzo yameandikwa yote, ziada imetoka 24,000,000, mkutano umepiga makofi, lakini ili kulipa malipo ya pili na gawio zinahitajika 16,400,000 taslimu, na sehemu kubwa ya fedha hizo ipo kwenye akaunti ya mtu mwingine. Katibu akiandika "gawio limetolewa", wanachama watapanga foleni kesho. Aandike kilichotokea: limepitishwa tarehe fulani, litalipwa kuanzia tarehe fulani, na malipo yanategemea deni la mnunuzi linalopaswa kulipwa kabla ya tarehe fulani. Kupitishwa na kulipwa ni matukio mawili, kila moja na siku yake.

Kinyume chake pia hutokea. Mahindi yakiwa bado ghalani siku ya kufunga hesabu, chama kina mali lakini mauzo hayajaandikwa, na ziada inaonekana nyembamba. Muhtasari useme ni kilo ngapi zilibaki na zimethaminiwa kwa bei gani. Bila hivyo mwaka unaofuata utaonekana wa neema, na bodi mpya itapewa sifa ya mauzo ya bodi iliyoondoka.

Maoni ya mkaguzi yanakiliwe sentensi kwa sentensi, hasa pale anapoweka shaka. Msiyafupishe kwa maneno yenu. "Mkaguzi ameridhika isipokuwa mambo madogo" ni sentensi ya katibu. Mkaguzi alichoandika huenda ni kwamba hakuweza kuthibitisha madeni ya pembejeo ya thamani fulani. Shaka hiyo inamgusa msomaji moja kwa moja, kwa sababu huenda deni moja kati ya hayo limeandikwa kwa jina lake.

Mpaka hapo tumezungumza kwa kilo moja na hisa moja. Karatasi ya jumla iishie hapo, lakini kila mwanachama apate pia kikaratasi au ujumbe wake. Mchukueni mwanachama aliyeleta kilo 520 na mwenye hisa 10. Alishapokea malipo ya awali ya 312,000. Malipo yake ya pili ni 520 mara 70, yaani 36,400. Gawio la hisa ni 10 mara 400, yaani 4,000. Jumla 40,400. Anadaiwa pembejeo 25,000, kwa hiyo zitamfikia 15,400. Kama sheria ya kodi inataka chama kizuie kodi kwenye gawio, nayo ionekane kwa mstari wake kabla ya namba ya mwisho. Ujumbe wa simu wa herufi 160 unatosha kabisa:

"Kilo 520 x 70 = 36,400. Hisa 10 x 400 = 4,000. Jumla 40,400. Deni la pembejeo 25,000. Utapokea 15,400. Pingamizi: ndani ya siku 14."

Hizo siku 14 ni za mfano. Wekeni muda uliomo kwenye masharti yenu. Ujumbe wa namna hii pia hufichua makosa ambayo mkaguzi hawezi kuyaona. Mtu mwenye stakabadhi za kilo 610 akiona 520 atakuja ofisini na stakabadhi yake, na huenda mkagundua kitabu kizima cha mapokezi ambacho hakikuingizwa. Hesabu za jumla zinaweza kufunga vizuri huku kilo 90 za mtu mmoja zimeandikwa kwa mwenye jina linalofanana na lake. Kwa sababu hiyo, tumieni namba ya uanachama na msitegemee jina peke yake. Karatasi ya jumla ibandikwe kituo cha mapokezi. Hesabu ya mtu binafsi isibandikwe ukutani, maana deni la mtu si tangazo.

Nije kwenye uongozi, ambako muhtasari mwingi huishia kuwa salamu za pongezi. Mwanachama aliyekosa mkutano anahitaji kujua mambo machache: nafasi ipi imebadilika, aliyeondoka ameondoka kwa njia gani, aliyeingia amepata kura ngapi, na kipindi chake kinaisha lini. Njia za kuondoka ni tofauti na zisifunikwe na neno moja la "mabadiliko". Kumaliza kipindi ni jambo la ratiba. Kujiuzulu kuna barua na tarehe. Kuondolewa kwa kura kuna hoja na idadi ya kura. Sababu itajwe kama ilivyo kwenye kumbukumbu za mkutano, bila kuongezwa neno wala kupunguzwa. Tuhuma iliyosikika ukumbini lakini haikupitishwa kama azimio haina nafasi kwenye karatasi yenye nembo ya chama.

Namba za kura ziwekwe na akidi yake. Chukulieni wanachama 400, waliosaini daftari la mahudhurio 212, na masharti yanataka angalau nusu. Akidi imetimia. Kwa nafasi ya mwenyekiti, mgombea mmoja alipata kura 118, mwingine 83, zilizoharibika 4, jumla 205. Watu 7 hawakupiga kura, na hilo ni jambo la kawaida, kuna waliotoka mapema. Kura zingekuwa 219 dhidi ya waliosaini 212, hapo pana tatizo la kulitatua kabla ya kuandika chochote: ama watu waliingia bila kusaini, ama kuna aliyepiga mara mbili. Katika ushirika kura ni moja kwa mtu, haidhuru ana hisa 2 au 50, kwa hiyo jumla ya kura haiwezi kuzidi vichwa.

Kama wajumbe wa bodi huondoka kwa zamu, theluthi moja kila mwaka, muhtasari uonyeshe pia waliobaki na mwaka wao wa kumaliza. Mwanachama akiona majina matatu mapya kati ya tisa bila maelezo hayo, atadhani kumetokea mapinduzi.

Kisha makabidhiano, na hapa nawaomba mkae kidogo. Mwenyekiti mpya akichaguliwa Jumamosi, Jumatatu bado hawezi kusaini hundi. Benki inataka kumbukumbu za mkutano zilizosainiwa, vitambulisho, sampuli za saini na fomu zake, na mpaka ikamilishe, saini za zamani ndizo inazozijua. Muda huo ni wa hatari. Malipo ya pili yanaweza kukwama bila kosa la mtu, au fedha zinaweza kutoka kwa saini ya mtu ambaye si kiongozi tena. Muhtasari utaje tarehe ya makabidhiano, nani sasa anashika mhuri, nani ana funguo za ghala, kilo na magunia mangapi yalihesabiwa siku hiyo mbele ya pande zote mbili, na kama saini za benki zimeshabadilishwa au bado. Kama bado, chama kiseme wazi kwamba hakuna malipo yatakayofanyika hadi saini hizo zibadilishwe, ili mtu asipande basi bure.

Matapeli nao huijua ratiba hii. Wakisikia uongozi umebadilika na gawio limepitishwa, huwapigia wanachama wakijiita mhasibu mpya, wanaomba namba ya siri "ili fedha ziingie". Ujumbe utaje namba moja ya simu ya ofisi, ileile iliyo kwenye stakabadhi za mzani, na useme kwamba chama hakimwombi mtu namba ya siri wala ada ya kupokea gawio lake.

La mwisho ni makosa yetu wenyewe, kwa sababu yatatokea. Muhtasari upewe namba na tarehe. Kosa likigundulika, msichapishe karatasi mpya kimyakimya na kuibandika juu ya ile ya zamani. Toeni sahihisho lenye namba ileile na neno "Sahihisho" juu, liseme mstari upi ulikosewa, ulisomekaje, na sasa unasomekaje, kisha lipelekwe kwa njia zote zilizotumika mwanzo: kituo cha mapokezi kwa waliosoma pale, simu kwa waliopata ujumbe. Nakala ya kwanza na ya sahihisho zibaki pamoja kwenye jalada la mkutano huo, ambako mkaguzi wa mwaka ujao atazikuta.